Nguvu ya Pendekezo na Daraja la Ushahidi

Binti wa dada yangu ni muuguzi katika wodi ya wazazi, nami nimekuwa mkunga kwa miaka mingi. Alinijia na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2012 juu ya mzazi anayevuja damu baada ya kujifungua, akanionyesha mstari mmoja. Mstari huo wapendekeza kuukanda mji wa uzazi wa mama anayevuja damu. Kando yake pameandikwa kuwa pendekezo ni la nguvu, na ushahidi ni wa daraja la chini sana.

"Khalati," akaniuliza, "watuamrishaje kwa nguvu jambo wasilo na ushahidi nalo?"

Nikamweleza kuwa hapo pana maswali mawili. Daraja la ushahidi hujibu hili: tuna yakini kiasi gani kuhusu ukubwa wa manufaa? Madaraja ni manne: la juu, la wastani, la chini, na la chini sana. Nguvu ya pendekezo hujibu jingine: tukipima manufaa, madhara na gharama, je, karibu kila mgonjwa afanyiwe hivyo?

Oksitosini, vipimo 10 baada ya mtoto kuzaliwa ili kuzuia damu, ina pendekezo la nguvu na ushahidi wa wastani, kwa kuwa wazazi wengi waligawanywa kwa kura katika majaribio, wakalinganishwa. Lakini ni nani atakayepiga kura ili mama avujaye damu asikandwe? Ndiyo sababu ushahidi ni haba. Hata hivyo mkono hauna gharama, madhara yake ni maumivu, na kinachookolewa huenda kikawa uhai. Mizani imelalia upande mmoja, ijapokuwa yakini ni ndogo.

"Basi niwakande wote?" akauliza.

Nikamwambia asome mstari mwingine. Mama aliyekwisha kupewa oksitosini, wala havuji damu, haipendekezwi akandwe mfululizo kwa ajili ya kinga. Pendekezo hilo ni dhaifu, na ushahidi wake ni wa chini. Mkono ni ule ule, ila mizani imegeuka: maumivu yamebaki, na faida iliyoongezeka haionekani. Neno "dhaifu" halimaanishi kupuuza. Lamtaka muuguzi atazame hali ya mama aliye mbele yake na kumsikiliza.

Lililobaki ni kumpapasa kila mzazi tumboni ili kujua kama mji umekaza. Ukiwa mgumu, mkono huondolewa. Ukiwa umelegea, au damu ikizidi, ndipo unapokandwa, huku msaada ukiitwa na dawa ikitayarishwa.

Nanyi kina mama, muuguzi akiwapapasa kisha akawaacha, msidhani amewapuuza. Na mkihisi damu inazidi, mwiteni papo hapo, msingoje zamu yake ya kupita.