Tangazo la Kusikiwa

Msomaji wa barua aweza kurudia mstari. Msikilizaji wa redio hawezi. Juzi niliombwa kulitengeneza tangazo hili: "Chanjo ya watoto wachanga, zahanati, 14/6, 9:00–12:00." Mtangazaji akitamka "saa tisa", mama atafika alasiri, na wauguzi wamekwisha kwenda zao. Basi nikaandika kwa maneno: "Akina mama wenye watoto wachanga, sikilizeni. Chanjo ni Jumatano, tarehe kumi na nne, mwezi wa sita. Mahali ni zahanati ya kijiji. Njooni saa tatu asubuhi. Mwisho ni saa sita mchana." Kisha siku, mahali na saa zisomwe mara ya pili, polepole.

Kabla ya kulipeleka, msomee jirani mara moja, umwulize: lini, wapi, saa ngapi? Akikosea, sahihisha karatasi, si jirani.