CHUMA KINACHOKULA MAZUTI: TRANSFO YETU TATU

Wengi walituuliza sababu gani sisi, kapita wenu pamoja na wandugu wawili wa mwaka wa sita, tulikuwa tunajifungia mu atelie kila jioni, tena sababu gani kulitoka harufu ya kuungua. Leo tunajibu, maana ile waya ya shaba tuliinunua kwa mchango wa darasa letu, na mchango ni deni.

Tulitaka kuchaji batri moja ya gari wakati gurupu ya shule inatembea, ili gurupu ikizimwa tuwe na mwangaza wa kusomea mtihani wa serikali. Ilihitajika transfo ya kushusha volti 220 kufika 15. Tulipiga hesabu ya kitabu: chuma cha sentimeta 4 kwa 4, uwanja wa tesla 1, kuranti ya herzi 50. Kila mzunguko mmoja wa waya unapokea volti 0.355 hivi, basi mizunguko 620 upande wa kwanza na 42 upande wa pili. Hesabu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa mu chuma.

Tulichukua vipande vinne vya chuma kizima, tukavifunga na bulon kama fremu ya dirisha. Tukawasha. Hatukufunga batri wala kitu kingine chochote upande wa pili, na bado, mbele ya dakika kumi, mkono haukuweza kushika kile chuma. Baadaye verni ya waya ikaanza kuungua. Ndiyo ile harufu.

Mwenzetu mmoja alisema waya ni nyembamba sana, ndiyo inayoleta moto. Ilikuwa neno la maana, kwa hiyo tukalijaribu. Tulifunga bobini ile ile kwa batri ya volti 12. Ilipitisha karibu ampere moja, saa nzima. Waya ikawa vuguvugu tu, na chuma kikabaki baridi kama jiwe la ziwani. Basi moto haukutoka kwa waya. Ulizaliwa ndani ya chuma, na kwa kuranti inayogeuka-geuka peke yake.

Kitabu kinaita kitu kile kuranti za Foucault. Uwanja ukigeuka, unasukuma kuranti mu waya ya upande wa pili, lakini chuma nacho kinapitisha umeme, hivi kinajiona kama waya ya mzunguko mmoja uliofungwa. Kuranti zinazunguka ndani yake sawa maji ya mto nyuma ya jiwe, hazifanyi kazi yoyote, zinapasha moto tu. Mu chuma kinene zina nguvu hata zinaufukuza uwanja wenyewe: unabaki mu ngozi ya juu, isiyofika milimeta moja, na katikati ya chuma panakuwa bure.

Kwa kupima, tulipata konteri ya zamani yenye sahani inayozunguka, imeandikwa mizunguko 600 kwa kilowati-saa moja. Maana yake mzunguko mmoja ni jule 6000. Kwa chuma kizima sahani ilizunguka kila sekunde 25, ndiyo wati 240. Kwa saa nne ni karibu kilowati-saa moja, na kwa gurupu ndogo kama yetu ni theluthi au nusu lita ya mazuti imeliwa bila kuchaji kitu. Anayeshika ufunguo wa mazuti ni sisi kapita, hivi mutaelewa haya tuliyosikia.

Transfo ya pili tuliijenga kwa mabati ya pipa la zamani, unene milimeta 1, kila bati limepakwa verni. Hapa tunaomba musomaji asikimbie. Chukua bati moja, ulipasue katikati ya unene wake upate mawili. Kila moja linabeba nusu ya uwanja, basi volti inayosukuma kuranti ndani yake ni nusu. Nusu kwa nusu ni robo. Tena njia ya kuranti imekuwa nyembamba mara mbili, upinzani umezidi mara mbili, basi moto wa kila bati ni sehemu ya nane ya ule wa kwanza. Mabati ni mawili, jumla ni robo. Hivi ukipunguza unene mara mbili, hasara ya Foucault inapungua mara nne. Ila verni ni lazima, bila hiyo mabati yanakuwa tena chuma kimoja.

Konteri ilionyesha sekunde 150, ndiyo wati 40. Tulifurahi, lakini chuma kilikuwa bado moto. Mwalimu wetu wa fizike akatukumbusha hasara ya pili, histeresi. Ndani ya chuma kuna maeneo madogo-madogo, kila moja kama sumaku ndogo. Kuranti ya herzi 50 inayageuza mara 100 kwa sekunde, nayo hayageuki kwa hiari, yanakwama na kuruka, na kila safari yanaacha moto kidogo. Steinmetz alipata kanuni ya hasara hiyo mwaka 1892. Kupasua mabati hakuisaidii hata kidogo, maana haitoki kwa unene, inatoka kwa ugumu wa chuma. Nasi tulikuwa tumenyoosha yale mabati kwa nyundo! Nyundo inazidisha ukaidi. Tuliyafungua, tukayapasha moto mpaka yakawa mekundu, tukayaacha yapoe polepole ndani ya majivu, tukayapaka verni tena. Sekunde 180. Wati 33. Kazi ya siku mbili kwa wati 7 tu, na mikono imeungua.

Kisha fundi mmoja wa Minova akatupatia tole za transfo iliyokufa, unene nusu milimeta. Ukizikunja zinavunjika kwa mlio mkavu, tofauti na bati la pipa linalopinda. Ndiyo alama ya silisiumu. Mwaka 1900 Barrett, Brown na Hadfield walionyesha kwamba silisiumu kidogo mu chuma inafanya kazi mbili pamoja. Kwa asilimia 3 hivi, upinzani wa umeme unapanda mara nne au tano, basi kuranti za Foucault zinashuka kwa kadiri ile ile. Na yale maeneo yanageuka kwa urahisi zaidi, basi histeresi nayo inapungua. Watu hawaongezi silisiumu bila mwisho kwa sababu juu ya asilimia 4 hivi chuma kinavunjika mu mashini ya kukilaza.

Tuliipanga. Sahani ya konteri ilichukua dakika kumi kuzunguka mara moja: wati 10.

Halafu tukaharibu wenyewe. Tulitaka iwe nzuri kwa macho, tukapiga tupa pande zote mbili mpaka zikang'aa. Sahani ikarudi dakika tano. Tupa ilikuwa imevuta manyoya ya chuma kutoka tole moja mpaka ya pili, na kuranti ikapata njia: inapita upande huu, inarudi upande ule. Upande mmoja peke yake haungefunga mzunguko. Tulisafisha upande mmoja kwa asidi kidogo na burashi, tukapaka verni, na dakika zikarudi karibu kumi.

Transfo kubwa zinazoleta Goma kuranti ya Ruzizi, na zile za Matebe kule Rutshuru tangu mwaka 2015, zina tole za namna hiyo hiyo, maana zinakaa chini ya volti usiku na mchana, hata watu wakilala.

Yetu iko mu kabati ya atelie, inachaji. Wanaosikia ikilia mmmm wasikimbie kutuita: ule mlio ni tole zinazorefuka na kufupika kidogo sana kila uwanja unapogeuka. Tutakaza bulon siku ya mosi.