Shajara ya zahanati: vikohozi vya masika

Jumatatu, 14 Aprili 2025

Mvua imenyesha usiku kucha hapa bonde la Rufiji, na benchi la nje limejaa watoto wanaokohoa. Ninayetaka kumwandika leo ni mvulana wa miezi 14, kilo 10.2, aliyeletwa na mama na bibi yake. Anakohoa siku ya tatu, na jana usiku mwili ulichemka.

Kabla ya kukigusa kifua nilianza na dalili za hatari. Ananyonya na kunywa? Ndiyo. Anatapika kila anachopewa? Hapana. Amepata degedege tangu aanze kuugua? Hapana. Ya nne siulizi, naiangalia mwenyewe: je, amelegea au hajitambui? Huyu alikuwa ameukodolea macho utepe wangu wa kupimia mkono, akitaka kuunyakua. Hana hata moja.

Kipimajoto kilimliza: 38.3. Mtoto akilia, pumzi zake hazina maana tena, kwa hiyo nilimwomba mama amnyonyeshe huku nikimhudumia mwingine. Akiwa ananyonya nako sihesabu. Alipoachia ziwa na kusinzia mapajani, mama aliinua fulana taratibu, nami nikakitazama kifua na tumbo kwa dakika nzima. Pumzi 54. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, kuanzia 40 ni kupumua haraka; kwa wa miezi 2 hadi 12, kuanzia 50. Sipendi kuhesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili. Pumzi za mtoto hupanda na kushuka, na ukikosea mbili katika nusu dakika, kwenye daftari zinakuwa nne.

Kisha nikaangalia mbavu. Alipovuta pumzi, sehemu ya chini ya kifua ilibonyea ndani badala ya kutanuka, na ilifanya hivyo kila pumzi, akiwa ametulia. Nyama laini za katikati ya mbavu zikiingia peke yake, hiyo siihesabu. Hakukuwa na mkoromo anapovuta pumzi wala mlio wa filimbi anapoitoa. Oksijeni 94. Kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha vimelea. Utepe wa mkono ulisoma kijani, na kadi ya mama inaonyesha amepimwa VVU na hana.

Nimemweka rangi ya njano: nimonia, anatibiwa nyumbani.

Bibi hakukubali. “Daktari, mbavu za mjukuu wangu zinaingia hivi, nawe unamrudisha nyumbani?” Nilimjibu kwa heshima, maana zamani angekuwa sahihi kabisa. Mpaka miaka ya karibuni kifua kubonyea peke yake kilitosha kumpeleka mtoto hospitali. Utafiti wa Pakistan uliochapishwa mwaka 2008 uliwalinganisha watoto wa namna hii: waliotibiwa nyumbani kwa amoksilini ya kunywa hawakufanya vibaya kuliko waliolazwa na kuchomwa sindano. Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo mwaka 2014. Nilimwambia, “Bibi, mtoto huyu anakunywa, ametuchangamkia, na oksijeni inamtosha. Dawa itafika tumboni. Kimojawapo kikibadilika, msingoje asubuhi.” Angekuwa na VVU, ningempa dozi ya kwanza na kumpa rufaa hata bila dalili ya hatari.

Amoksilini vidonge vya kuyeyusha vya miligramu 250, viwili asubuhi na viwili jioni, siku tano. Dozi ya kwanza mama ameiyeyusha mwenyewe mbele yangu kwa maziwa yake kwenye kijiko, na mtoto ameimeza. Nilimwomba anieleze kwa maneno yake mambo ya kumrudisha haraka: akishindwa kunywa au kunyonya, akizidiwa, au akianza kuhema kwa shida zaidi. Aliyataja yote. Atarudi Alhamisi.

Jumanne, 15 Aprili

Huyu wa leo ndiye aliyenifanya nikae na daftari mpaka sasa.

Msichana wa miezi 9, kilo 6. Kikohozi siku mbili. Ukimtazama kwa mbali ungesema amelala tu. Nilihesabu pumzi: 46. Nikarudia: 45. Mpaka wake ni 50, kwa hiyo kwa hesabu peke yake hapumui haraka. Kifua hakikubonyea waziwazi. Joto 36.1. Mtu anayetafuta nimonia kwa saa peke yake angeandika mafua na kumruhusu.

Lakini nilipomuuliza mama kuhusu kunyonya alisema, “Tangu alfajiri hataki.” “Hataki” inaweza kuwa pua iliyoziba au kidonda mdomoni, kwa hiyo sikuiandika hivyo hivyo. Nilisafisha pua, nikaangalia mdomo, kisha nikamwomba amweke ziwani. Mtoto hakushika, hakunyonya hata mara moja. Mama alimwita, akapiga makofi karibu na uso wake. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumfuata. Hizo ni dalili mbili za hatari, na moja ingetosha. Oksijeni 88, chini ya 90. Utepe wa mkono ulisoma milimita 112, ndani ya nyekundu: utapiamlo mkali.

Utepe ndio ulioeleza zile pumzi 46. Mtoto aliyedhoofu hana nguvu za kuhema haraka wala za kuvuta mbavu, na mwili wake unaweza usipate hata homa. Namba yake ya chini haikuwa habari njema.

Rangi ya pinki: nimonia kali au ugonjwa mkali sana. Rufaa ya haraka, ila si kabla ya kumpa vitu visivyopaswa kungoja safari. Ampisilini miligramu 50 kwa kila kilo, yaani 300. Chupa ya miligramu 500 nimeichanganya na mililita 2.1 za maji ya sindano ikawa mililita 2.5, nikavuta 1.5. Jentamisini miligramu 7.5 kwa kilo, yaani 45, karibu mililita 1.1 ya ile yenye miligramu 40 kwa mililita. Kila moja paja lake. Kipimo cha malaria hakikuonyesha vimelea, kwa hiyo sindano ya malaria haikuhitajika.

Kisha sukari. Mtoto asiyekula tangu alfajiri anaweza kuishiwa sukari njiani, na sindano zisimsaidie. Kwa kuwa hakuweza kumeza salama, mama alikamua maziwa, muuguzi akapitisha mpira puani, tukahakikisha uko tumboni, tukampa mililita 50 polepole. Baadaye mama alimweka kifuani, ngozi kwa ngozi, tukawafunika kwa khanga na blanketi. Oksijeni hatuna hapa, na hiyo ilikuwa sababu nyingine ya kutokawia.

Karatasi ya rufaa niliijaza muuguzi akitayarisha sindano: umri, uzito, dalili nilizoziona, oksijeni, utepe, kila dawa na saa iliyotolewa. Saa ni muhimu. Bila hiyo, atakayempokea atarudia jentamisini mapema mno au ataichelewesha ampisilini, ambayo inarudiwa kila baada ya saa sita.

Mama alinyamaza. Nimejifunza kwamba kimya hicho si kukubali. Nikamuuliza, “Mama, kitu gani kitakuzuia kwenda?” Ndipo akaeleza: ana wawili nyumbani, mume yuko shambani ng'ambo ya mto, na nauli hana. Jirani aliyemsindikiza alisema atalala na watoto. Mwenyekiti wa kijiji alipigiwa simu, akapata gari la mtu aliyekuwa akipeleka mchele. Niliipigia hospitali ya wilaya ili waandae oksijeni. Wasingeweza kuondoka, tungeendelea na sindano hapa, ampisilini kila saa sita na jentamisini mara moja kwa siku. Hiyo ni njia ya kusubiri gari tu, maana oksijeni na lishe ya matibabu asingepata.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvulana amerudi akiwa mgongoni mwa bibi. Pumzi 36 akiwa ametulia. Kifua hakibonyei, homa hakuna, anakula uji. Bibi aliuliza kama sasa dawa ziachwe ili zibaki za siku nyingine. Hapana, anamaliza siku zote tano. Kama pumzi, homa na ulaji vingekuwa vilevile kama Jumatatu, leo ningempa rufaa. Kama ningeona dalili yoyote ya hatari, sindano ya kwanza kisha rufaa.

Hospitali wamesema msichana yuko kwenye oksijeni na analishwa kwa mpira maziwa ya tiba. Bado hajanyonya, lakini anamtazama mama yake.

Muuguzi wetu mkongwe alikumbusha kwamba Rufiji na Morogoro Vijijini zilikuwa kati ya wilaya za kwanza nchini kutumia mwongozo huu wa pamoja wa magonjwa ya watoto, mwishoni mwa miaka ya 1990. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2004 ilikuta vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vikiwa pungufu kwa asilimia 13 kuliko katika wilaya mbili za kulinganishia. Kabla yake, anasema, kikohozi kilikuwa na mwongozo wake, malaria wake na lishe wake. Nikawaza juu ya msichana yule: kwa mwongozo wa kikohozi peke yake, namba 46 ingemrudisha nyumbani.

Jumanne, 22 Aprili

Mtoto wa miaka miwili, pumzi 48, kifua kinabonyea, lakini anapotoa pumzi unasikia filimbi. Hapa sikuandika nimonia mara moja. Njia za hewa zilizobana zinaweza kuleta picha ileile. Nilimpa salbutamoli ya kupuliza kupitia chupa ya plastiki iliyotobolewa, nikasubiri dakika 15, nikarudia. Mwongozo unaruhusu hadi mara tatu. Baada ya ya pili, pumzi 34 na kifua kimetulia. Hakuna nimonia, hakuna antibiotiki. Baba alitaka vidonge vya bakteria “kwa usalama”. Nilimpa salbutamoli na maelezo, na nikamtaka arudi siku ya tano kama hajapona, au mara moja akizidiwa. Filimbi ikimrudia mara kwa mara, atahitaji kuchunguzwa pumu.

Jumatatu, 28 Aprili

Msichana ametoka hospitali. Amekuja na karatasi ya majibu: sindano zimekamilika, oksijeni 96 bila mashine, ananyonya. Utepe bado uko kwenye nyekundu, kwa hiyo nimemwingiza kwenye orodha ya lishe, na atapewa chakula cha tiba kila wiki.

Nilikaa na wenzangu kwenye rejista ya mwezi. Wengi waliandikiwa idadi ya pumzi. Sehemu ya dalili za hatari mara nyingi ilikuwa tupu, kana kwamba tupu maana yake ni “hapana”. Tumekubaliana kwamba kuanzia kesho kila mtoto anaandikiwa “ndiyo” au “hapana” kwenye kila dalili kabla mtu hajashika saa, na utepe wa mkono unapimwa kwa kila anayekohoa kuanzia miezi sita. Pumzi zinatuambia nani apewe amoksilini. Nani apandishwe gari leo hii, kwanza tunalijua kwa kumtazama mtoto na kumwona akinyonya.