Legio mbili katika tasnifu moja

Nimekuwa kimya hapa karibu wiki tatu, na sababu ni tasnifu. Si yangu. Ni ya shangazi yangu wa Umoja, anayesomea uzamili wa Kiswahili. Ameandika kurasa 214 kuhusu lugha ya ibada katika makanisa ya Eastlands, na msimamizi wake alimrudishia akiwa ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba majina hayalingani. Shangazi akanipigia simu. "Mwanangu, si wewe ndiye mtu wa kompyuta? Njoo unisafishie."

Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Nikahifadhi faili kama matini tupu, nikaandika amri hii:

```
grep -oiE "(legio|lejio)n? (ya |of )?mar[a-z]+|maria legio" \
  tasnifu.txt | sort | uniq -c | sort -rn
```

Jibu likaja:

```
  41 Legio Maria
   9 Maria Legio
   6 Legion of Mary
   5 Legio Mariae
   3 Lejio ya Maria
```

Nikaona jina moja lililoandikwa kwa njia tano. Nikarudi kwenye hati, nikabonyeza Replace All mara nne, kote pakawa Legio Maria, nikaenda kulala nikijisifu.

Jumapili jioni shangazi akanipigia tena. Alikuwa amefika ukurasa wa 88, panapoelezwa akina mama wa parokia wanaosali rozari pamoja kila wiki. "Wewe kijana, umewahamisha mama wa watu kanisa!"

Alikuwa sahihi. Legio Mariae ni chama cha walei ndani ya Kanisa Katoliki. Kilianzishwa Dublin mwaka 1921, na Edel Quinn ndiye aliyetumwa kukieneza Afrika Mashariki mwaka 1936. Alifia Nairobi mwaka 1944. Kwa Kiingereza huitwa Legion of Mary. Legio Maria ni kanisa linalojitegemea, lililotoka kwa Wakatoliki huko Nyanza mwanzoni mwa miaka ya 1960, likiongozwa na Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko. Jina lake lilitokana na kile chama, lakini Mkatoliki anayeitwa mfuasi wa Legio Maria anaambiwa kwamba ameliacha kanisa lake. Herufi moja tu mwishoni, hiyo "e", ndiyo iliyokuwa ikiwatenganisha, nami nimeifuta.

Bahati nzuri nilikuwa na nakala. Tukakaa mezani kwake, tukapitia sehemu zote 64 moja moja, pamoja na sentensi zinazozizunguka. Hata katika zile 41 zilizoonekana safi, nne zilikuwa za chama cha parokia. Yaani tahajia inaweza kulingana na jina bado likawa la watu wengine, na hilo grep haiwezi kukuambia. "Lejio ya Maria" tuliiacha, kwa sababu zote tatu zilikuwa ndani ya maneno ya waliohojiwa. Maneno ya mtu na majina ya vitabu hayaguswi.

Waakurinu walinitesa kwa njia nyingine. Shangazi alikuwa na Akurinu, Akorino, Wakorino na Akũrinũ. Hii ya mwisho niliitafuta nikapata 12, lakini kwa macho nilikuwa nikiona nyingine ambazo hazikuhesabiwa. Kumbe ũ inaweza kuhifadhiwa kama herufi moja, U+0169, au kama u ya kawaida ikifuatwa na alama ya U+0303. Kwenye skrini zinafanana kabisa. Zile zilizofichika alikuwa amezinakili kutoka PDF. Kabla ya kutafuta, ziunganishe:

```
import unicodedata
matini = unicodedata.normalize("NFC", matini)
```

Zikawa 19.

Herufi kubwa ndizo zilizokula muda. Mungu na miungu ni rahisi. Roho je? Roho Mtakatifu ni kubwa, roho za wafu ni ndogo, na makanisa ya Roho, yale yaliyotokana na Alfayo Odongo Mango, ni kubwa tena kwa kuwa hilo ni jina. Kila "roho" ilisomwa kwa macho. Pia alikuwa akiandika "neno Lake" kwa heshima, kisha mstari unaofuata "alisema", ambako huyo Yeye amefichwa ndani ya kiambishi a-. Huwezi kukikuza katikati ya sentensi bila kuchekesha. Tukakubaliana viwakilishi vyote viwe vidogo, isipokuwa katika nukuu.

Ilibaki sehemu moja tu. Mzee mmoja wa Legio Maria aliyehojiwa Kayole alisema kwamba "alikuwa Legio tangu ujana". Legio ipi? Shangazi akampigia simu palepale. Mzee akacheka: zote mbili, kwanza ile ya parokia, halafu kanisa. Tukaacha neno lake kama lilivyo, tukaongeza tanbihi.