Kadi ya Mwalimu wa Kemia

Leo mlezi wa chama chenu ana jambo la kuungama. Mimi ambaye huzungusha kalamu nyekundu kwenye insha zenu, nilishindwa kuandika kadi yenye sentensi nne.

Mambo yalikuwa hivi. Mwalimu mwenzetu wa Kemia alikuwa na harusi ya kanisani kwao Machakos, na walimu wakaniteua mimi niandike kadi ya pongezi. "Si wewe ndiye wa Kiswahili?" wakasema, kisha kila mtu akarudi kwenye chai yake. Kadi ilikuwa ndogo, upande mmoja una picha ya maua, upande wa pili mtupu kama uso wa mwanafunzi asiyefanya kazi ya ziada. Na tulikuwa tumeshaambiwa kwamba itasomwa kwa kipaza sauti mbele ya jamaa wote.

Sasa, yule mwalimu mwenyewe namfahamu vizuri. Tumeketi meza moja miaka minne. Lakini jamaa zake? Sikuwajua hata mmoja. Bwana harusi nilikuwa nimemwona mara moja tu, langoni, akiwa ndani ya gari.

Jioni nikakaa, nikaandika haya kwenye karatasi ya kujaribia:

"Mpendwa Mwalimu, nakupongeza kwa kuolewa. Unapoanza maisha mapya ya ndoa, Mungu akujalie watoto wengi, wavulana kwa wasichana. Pongezi kwa baba na mama kwa kukulea vyema. Nawe bwana harusi, hongera kwa kupata jiko!"

Nilijiona bingwa. Asubuhi nikampelekea mzee wetu wa Jiografia, mwenyeji wa Kitui, aniangalizie. Akaisoma polepole, akavua miwani, akauliza, "Mwalimu, wewe umetumwa kupongeza ama kuchokoza?"

Alianzia hapo penye "unapoanza maisha mapya ya ndoa". Kumbe miaka miwili nyuma mbuzi wa ntheo walikuwa wamepelekwa! Mimi mtu wa Pwani, niliyezoea kuona nikaha na karamu vikifuatana, sikulijua hilo. Mzee akanieleza kwamba kwao Ukambani, mbuzi hao wakishapelekwa na kupokelewa na wazee wa upande wa msichana, basi kimila huyo ni mke wa mtu. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaitambua ndoa ya kimila, pamoja na ya Kikristo, ya kiserikali, ya Kihindu na ya Kiislamu. Kwa hiyo kusimama mbele ya wazee waliowapokea mbuzi wale, ukasema ati ndoa inaanza leo, ni kama kuwaambia kazi yao haikuhesabiwa.

Hapo nikaona aibu ya pili, ya lugha. Kila mwaka nawafundisha kwamba harusi ni sherehe na ndoa ni kile kifungo chenyewe. Harusi huisha jioni, watu wakaenda zao, ndoa hubaki. Nikiwa na maneno mawili tofauti mkononi, nilichukua lisilofaa. Kumbe ningeandika tu "hongereni kwa harusi yenu", nisingemkosea mtu yeyote, awe wa kanisa au wa mbuzi. Lile neno "harusi" lingefaa hata kama nisingejua chochote kuhusu ntheo, kwa sababu sherehe yenyewe kila mtu anaiona kwa macho.

"Kuolewa" nako kukawa na kasoro yake. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, sawa; lakini kadi inasomewa watu wawili walioketi pamoja. Nimemwambia mmoja "nakupongeza", halafu yule mwingine nikamrushia kipande cha mwisho kama makombo. Ndiyo maana tuna "hongereni", wingi wake hongera. Kiambishi hicho kidogo kinamkaribisha na bwana harusi mezani bila ya kumjua.

Jiko nalo mzee alilikata kwa mstari mmoja, hakusema kitu. Sisi wanaume tumezoea kutaniana hivyo kwenye chumba cha walimu, lakini hebu fikiria mama mzazi akisikia kwa kipaza sauti kwamba binti yake aliyesoma Kemia chuo kikuu ni jiko.

Akafika kwenye watoto. "Unajua wana habari gani za watoto?" akaniuliza. Nikasema sijui. "Basi nyamaza." Watu wameishi pamoja miaka miwili, huenda kuna jambo la kilio ambalo hatukuambiwa, na huenda hakuna. Mtu wa karibu anaweza kuomba dua hiyo kwa sababu anajua anaigusa wapi. Mimi wa meza ya jirani sina ruhusa hiyo.

"Na baba je?" nikauliza, maana nilianza kuogopa kila neno.

"Baba alifariki akiwa shule ya msingi. Amelelewa na mama na shangazi yake."

Miaka minne, jamani! Tumeazimana chaki na mwavuli, na hilo sikulijua. Nilibaki nikiitazama ile karatasi. Laiti ingesomwa vile, watu wangegeuka kukitazama kiti ambacho hakina mtu, na ningekuwa mimi niliyewaonyesha.

Basi nikafuta yote. Nikajiuliza, mimi najua nini ambacho ni kweli? Jamaa zake sikuwajua, lakini kuna kitu ambacho hata wao hawakukijua: vile anavyokuwa akiwa nasi. Nikakumbuka muhula ule nilipougua malaria wiki yangu ya zamu. Hakuna aliyemwomba. Aliamka alfajiri siku tano mfululizo, akasimamia gwaride, akapiga mbiu ya chakula, kisha akaandika jina langu katika kitabu cha zamu kana kwamba nilikuwepo. Niligundua nilipopona. Nilipomshukuru alisema, "Aa, we kunywa dawa."

Kadi ikawa hivi:

"Wapendwa maharusi wetu, hongereni sana kwa harusi yenu. Bibi harusi aliwahi kushika zamu ya mwenzake mgonjwa wiki nzima, wala hakumwambia mtu. Tunawashukuru jamaa waliomlea, na tunafurahi pamoja na jamaa za bwana harusi. Mwenyezi Mungu awape amani na afya nyumbani mwenu. Wenzenu wa chumba cha walimu."

Mzee akahesabu sentensi kwa kidole, akasema inatosha, mwongozaji wa sherehe hatachoka. Nikamuuliza kama tuongeze methali moja, si unajua sisi wa Kiswahili. Akanitazama tu. Nikaifunga bahasha.

Siku ya harusi tulikuwa walimu sita, tumeketi nyuma ya hema karibu na masufuria. Kadi iliposomwa hakukuwa na shangwe kubwa. Watu walipiga makofi ya kawaida, kisha ikafuata ya benki aliko bwana harusi. Nikajua imepita salama, nikarudi kwenye wali wangu.

Baadaye, tukiwa tunatafuta gari la kurudi, mama mmoja mzee aliyefungwa kanga mbili alinijia, akiongozwa na mtoto wa kike. Alisema kitu kwa Kikamba, na yule mtoto akanifasiria: "Shangazi anauliza, ni wewe uliyekuwa mgonjwa?"

Nikasema ndiye.

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanitazama usoni kama anayehakikisha kwamba nimepona.