Sadaka Iliyochacha

Asubuhi moja mlinzi wa jengo letu hapa Islii alinijia mkahawani akiwa amejishika tumbo. Ni mtu wa haya, na ilimchukua muda kulisema alilojia. Usiku uliotangulia nilikuwa nimempelekea sufuria ndogo ya pilau iliyobaki, kisha nikaenda kulala na moyo mweupe. Yeye alikula kidogo, akaiweka kando ya kiti chake, na alfajiri akaimaliza. Tangu hapo alikuwa akitapika. "Mama, sisemi kwamba ni chakula chako," aliniambia, "ila nimeona nikujuze."

Nilimpa pole na nauli ya kwenda zahanati, nikarudi jikoni nikakaa kitako. Kwa mwaka mzima nilikuwa nikipika mchele kilo 10 karibu kila siku katika hoteli yangu ya meza sita, kwenye kichochoro kinachoingilia First Avenue. Sikupata kujiuliza kwa nini ni kilo 10. Bibi yangu, aliyenilea Mji wa Kale wa Mombasa, alikuwa akisema sahani ya mgeni haionyeshi chini yake, nami niliuleta ukarimu huo Nairobi kama nilivyourithi. Kilichosalia nilikiita sadaka. Ila sadaka inayomlaza mtu kitandani ina jina jingine.

Dada mmoja muuguzi, mteja wangu, ndiye aliyenifahamisha lililotokea. Mchele mbichi huwa na vijidudu viitwavyo Bacillus cereus, na mbegu zao hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu kwa saa nyingi, mbegu zile huamka, huzaana na kutoa sumu ambayo hata ukiupasha moto tena hauiondoi. Mtu huweza kutapika saa chache tu baada ya kula, na pengine chakula chenyewe hakijaanza kunuka. Hapo nilielewa kwamba dawa ya pilau iliyobaki haikuwa kutafuta mtu wa kuila usiku. Dawa ilikuwa kutoipika.

Lakini nipunguze wapi? Sikutaka kukisia. Nilinunua mizani ndogo ya jikoni na ndoo mbili zenye vifuniko. Ndoo ya kwanza ilikuwa ya kile kinachobaki ndani ya sufuria tunapofunga. Ya pili ilikuwa ya kile kinachorudi kwenye sahani za wateja. Kwa siku sita, kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, hapakutupwa wala kutolewa kitu kabla ya kupimwa na kuandikwa daftarini. Nilizitenga kwa sababu hayo ni maradhi mawili. Kikibaki ndani ya sufuria, aliyekosea ni mimi niliyeotea idadi ya wateja. Kikibaki kwenye sahani, aliyekosea ni mkono uliopakua.

Mwisho wa wiki, ndoo ya sufuria ilikuwa imepokea kilo 22 na ndoo ya sahani kilo 17. Nilishtuka, lakini kilichonishangaza zaidi ni mpangilio wake. Kati ya zile kilo 22, kilo 18 zilitoka katika siku mbili tu, Jumatatu na Alhamisi. Nilicheka peke yangu. Wateja wangu wengi wa mchana ni akina mama wenye maduka ya madira na wazee wa msikitini, na siku hizo mbili wengi wao hufunga saumu ya sunna. Mimi mwenyewe nilikuwa nikifunga nao, na bado nikiwapikia kana kwamba wanakula!

Nilianza na sahani. Nilimwomba binti anayepakua aendelee kama kawaida, nami nikapima sahani kumi mfululizo. Nyepesi ilikuwa na gramu 380, nzito gramu 610, na bei ilikuwa moja. Wastani ulikuwa karibu gramu 480. Hakuwa na kosa, kwani alikuwa akitumia kisahani kama upawa, na mkono hutegemea uso ulio mbele yake. Tulitafuta bakuli la bati ambalo likijazwa pilau na kusawazishwa kwa mwiko hubeba gramu 400, nyama ikiwamo. Hulijaza, hulisawazisha, kisha huligeuza juu ya sahani. Kiasi hicho tulikichagua kwa kutazama sahani zilizorudi: zilizokuwa na gramu 400 hivi zilirudi safi, na zilizozidi 500 aghalabu zilirudi na mabaki.

Neno "aghalabu" lilitaka kunigharimu wateja. Siku ya pili ya bakuli, hamali mmoja anayebeba marobota ya nguo tangu alfajiri aliitazama sahani yake, akaniuliza kwa upole kama mchele umepanda bei. Nililiona kosa langu palepale. Sahani ya gramu 600 ilikuwa ikimshinda mwenye duka, ilhali kwake ilikuwa chakula halali cha kazi yake. Kipimo kimoja kwa watu wote kingekuwa uchoyo uliovaa nguo ya hesabu. Basi tukaweka sahani mbili. Ya kawaida ni bakuli moja, na ya pili, tuliyoiita sahani ya kazi, ni bakuli moja na nusu kwa bei ya moja na nusu. Kisha nikaongeza sharti moja kwa ajili ya bibi yangu: yeyote akimaliza na akataka, anapewa nyongeza ya kijiko bila malipo. Wachache huomba. Lakini hakuna anayeondoka akisema amenyimwa.

Baada ya sahani kuwa na kipimo, hesabu ya sufuria ikawezekana. Nilipika mara tatu huku nikipima, nikaona kwamba katika sufuria yangu kilo moja ya mchele wa pishori pamoja na nusu kilo ya nyama hutoa takriban kilo 3 za pilau. Kwa hiyo sahani 60 za gramu 400 ni kilo 24 za pilau, yaani mchele kilo 8. Kila mpishi apime sufuria yake mwenyewe, kwani mchele hutofautiana.

Swali lililobaki ni idadi ya sahani. Kwa hilo sihitaji mtabiri. Nahitaji daftari lenye safu ya kila siku ya wiki. Jumanne huilinganisha na Jumanne zilizopita, siyo na jana yake. Chukua Jumanne nne za mwanzo: sahani 62, 58, 31 na 60. Ile ya 31 mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi na maji yakajaa barabarani, wanunuzi wasifike. Pembeni niliandika "mvua", nikaiacha nje ya hesabu. Tatu zilizosalia wastani wake ni 60. Jumatatu na Alhamisi wastani ulikuwa 44, ambazo mchele kilo 6 unatosha.

Ijumaa ilinifundisha jambo jingine. Daftari lilisema 80 kila wiki, nami nikadhani nimeipata idadi. Kumbe 80 ilikuwa kiasi cha sufuria. Watu hutoka msikitini karibu saa saba na robo, na kufikia saa nane kasorobo pilau ilikuwa imekwisha. Daftari la mauzo haliwaoni waliokuja wakakuta sufuria tupu. Tangu hapo tunaandika saa ambayo chakula kilikwisha, na binti huchora kistari kwa kila anayeuliza akaondoka. Ijumaa ya kwanza palikuwa na vistari 15. Mahitaji yangu yalikuwa 95, si 80. Kwa mchele uleule wa kilo 13 wa Ijumaa, bakuli likatuwezesha kuwatosheleza wote.

Hata hivyo, wastani si ahadi. Mvua haiombi ruhusa, wala mgomo wa matatu. Kwa hiyo nikaacha kupika chote kwa mara moja. Kwa siku ya sahani 60, kilo 5 huiva kabla ya saa sita. Zile 3 nyingine hubaki kavu gunioni, huku nyama na supu yake ikiwa tayari pembeni, inatokota. Saa saba kasorobo tunahesabu. Siku ya kawaida huwa tumeuza kama sahani 22, basi natia kilo zote tatu, na baada ya dakika 35 hivi sufuria ya pili inapakuliwa. Tukiwa tumeuza 12 tu, sitii kitu. Supu na nyama vinapoozwa upesi na kuingia friji kwa ajili ya kesho. Mchele mkavu hauchachi. Ukishaloweka na kuutia motoni, hapo ndipo saa inapoanza kuhesabu.

Nina tahadhari moja kwa wenye biashara kama yangu. Daftari la miladi pekee litakudanganya, kwani Ramadhani huja mapema zaidi kwa kama siku 10 au 11 kila mwaka. Mwezi huu wa mwaka jana huenda usifanane kabisa na mwezi huu wa mwaka huu. Mimi huandika tarehe zote mbili kila ukurasa. Mfunguo Mosi, wakati wengi wanafunga sita, hutazama Mfunguo Mosi uliopita, nikapunguza mchele wa mchana.

Baada ya wiki sita nilizirudisha zile ndoo mbili. Kwa siku sita sufuria ilitoa kilo 4 na sahani kilo 6. Mchele wa wiki ulishuka kutoka kilo 63 hadi 49, na nyama ikashuka kilo 7. Sikufika sifuri, wala sikutaka kufika. Anayekaza hesabu mpaka sufuria iwe tupu kila siku, hufukuza wateja ambao daftari lake halitawaona kamwe.

Kinachobaki siku hizi hakingoji usiku. Ikifika saa tisa tunakipakua kingali moto, kwa mtu atakayekila papo hapo. Kikikosa mlaji, kinatandazwa juu ya sinia kipoe upesi, na kabla ya saa moja kupita kimeingia friji, kiwe chakula cha jioni cha nyumbani kwangu. Mlinzi wetu alipona siku ya pili, alhamdulillahi. Nilipomwita tena kula alisita, nami sikumlaumu. Sasa huja mwenyewe saa nane, akaketi meza ya pembeni, na sahani yake hugeuzwa kutoka kwenye bakuli lilelile wanalopakuliwa wanaolipa.