Jua la ziwani linaingia hadi ukutani: jinsi tulivyopanga chumba cha maonyesho Rumonge

Wengi mmetuuliza kwa nini maonyesho yetu ya vitu tulivyovuka navyo ziwa yalikuwa kwenye chumba chenye kizagiza, na kwa nini mlangoni mlikutana na ukuta wa matete badala ya picha. Leo tunaeleza, maana kuna vijana wa mahali pengine wanataka kufanya kama sisi.

Vitu vyenyewe mnavijua. Picha za familia, barua, vitenge, kasia, chungu, taa ya karabai ya kuvulia ndagala. Vingine vilikuja Januari 2018, pale maelfu ya watu walipovuka kutoka upande wa Fizi. Hakuna hata kimoja ambacho kingeharibika kikanunuliwa kingine.

Chumba tulichoazimwa kina urefu wa mita 8 na upana wa mita 5. Mlango ni mmoja, uko magharibi, unatazama ziwa. Kushoto kwa anayeingia, yaani kaskazini, kuna madirisha mawili. Kulia ni ukuta mtupu. Sasa watu wetu wana nafasi jioni, kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja na nusu. Na hiyo ndiyo saa jua linashuka juu ya ziwa na kuingia mlangoni moja kwa moja.

Kabla ya kutundika chochote tulishinda siku moja pale na chaki. Kila saa tulichora sakafuni mahali jua lilipoishia. Saa sita mchana liliishia kizingitini. Saa kumi jioni lilikuwa limeingia kama mita 3 na nusu. Saa kumi na moja lilipita mita 7, karibu ligonge ukuta wa nyuma. Si ajabu: mlango una kimo cha mita 2, na jua likishuka, mwanga unalala na kwenda mbali. Upande wa kaskazini ilikuwa kinyume. Huku kwetu jua la mchana liko juu sana, kwa hiyo upenu wa bati unatosha kulizuia dirishani.

Kwa nini hofu yote hiyo? Mwanga hupimwa kwa luksi. Makumbusho mengi huweka picha, karatasi na nguo kwenye luksi 50 tu. Jua kali la mchana hufika luksi 100,000. La jioni hupungua, lakini tuseme 30,000. Na uharibifu unajumlika: mwanga mkali kwa muda mfupi ni kama mwanga hafifu kwa muda mrefu. Saa moja kwenye luksi 30,000 ni sawa na saa 600 kwenye luksi 50. Sisi tungefungua saa 15 kwa wiki. Piga hesabu: jioni moja ya jua kwa saa moja tu inakula wiki 40 za maonyesho. Na rangi ikishapauka hairudi, hata ukiiweka gizani miaka kumi.

Basi tukajenga ukuta wa matete kwenye fremu ya mbao, mita moja na nusu ndani ya mlango. Kimo chake ni mita 2, sawa na mlango, kwa sababu jua linakuja likishuka, haliwezi kuruka juu yake. Upana ndio ulihitaji akili. Jua halizami mahali pamoja mwaka mzima: Juni huzama upande wa kaskazini zaidi, Desemba upande wa kusini. Kwa hiyo mwanga hupita kwa mshazari, na kwa umbali ule unaweza kusogea karibu sentimita 65 kila upande. Mlango una upana wa mita 1.2, ukuta wetu tukaufanya mita 2.5. Nyuma ya matete tukashona kitambaa cheusi, maana matete peke yake yanavuja mwanga.

Ukuta huo huo ndio ulioongoza watu. Ulibakiza njia mbili za mita 1.25, ambazo kiti cha magurudumu kinapita bila shida. Mwanasaikolojia wa Marekani, Arthur Melton, alifuatilia wageni wa makumbusho miaka ya 1930, akaona kwamba wengi wakiingia hugeuka kulia, na wakishaona mlango wa kutokea huvutwa nao, wanaacha vilivyobaki. Kwetu mlango ulifichwa na ukuta. Njia ya kushoto tuliwekea pazia la kitenge, kwa hiyo mtu akiingia anaenda kulia bila kuambiwa. Nyuma ya ukuta alikuta kwanza maandishi makubwa tu. Macho yaliyotoka kwenye ziwa linalong'aa yanahitaji dakika chache kuzoea. Ukimpa picha ndogo hapo hapo, ataona giza na kusema chumba hakina taa.

Kisha picha na vitenge kwenye ukuta wa kulia, mbali na madirisha. Anazunguka nyuma, anarudi upande wa madirisha, na huko ndiko tuliweka chungu, kasia na karabai. Udongo na chuma havisumbuliwi sana na mwanga. Kasia tuliisogeza kwenye kivuli kati ya madirisha.

Kimo nacho kilileta ubishi. Vijana warefu walitaka picha ziwe usawa wa macho yao. Lakini mzee wetu mmoja anatumia kiti cha magurudumu, na watoto wa shule walikuwa nusu ya wageni. Tukachora mstari wa chaki sentimita 137 kutoka sakafuni, na kila picha katikati yake ikakaa hapo. Kwa fremu ya kimo cha 30, ambayo kamba yake ikivutwa inafika 5 chini ya ukingo wa juu, msumari unapigwa 137 ongeza 15 toa 5, yaani 147. Meza tukazifanya 75. Ukizipandisha kupita mita moja, mtoto anaona ubao tu.

Kazi ngumu ilikuwa picha ya mama mmoja. Ni picha pekee ya mumewe, ya rangi, ya studio. Tulimwomba tuonyeshe nakala. Akatuambia, "Wanangu, nakala si yeye. Wamuone mwenyewe." Tukakubaliana naye wiki mbili tu, kwenye kona yenye giza kuliko zote, na mbele yake kipazia kidogo. Anayetaka kuona anakiinua, akimaliza anakiacha kishuke. Vitambulisho na karatasi za ukimbizi, hizo tulionyesha nakala, na pale hatukubembelezwa.

Wiki mbili kabla, kwenye kona hiyo tulibandika ukanda wa kitambaa chekundu cha bei ndogo, nusu tumeifunika kwa karatasi ya alumini. Tulipoufunua, nusu mbili zilifanana. Kipimo hicho si uhakika. Zikitofautiana, jua mahali hapafai. Zikifanana, umejua tu kwamba hapajaharibu kwa muda huo. Ndiyo maana wiki mbili zilipoisha mama alirudishiwa picha yake ndani ya bahasha, hata kama watu walikuwa bado wanauliza. Kwenye msumari wake tulitundika nakala, naye mwenyewe ndiye aliyeiweka sawa.